UZI: Nahamisha kaunta buku la duka la vifaa vya ujenzi kwenda Excel. Baki ya kuanzia ya kila bidhaa naiandikaje?

Dada wa Kihonda
Wakuu habari za jioni. Nimeachiwa duka la mzee hapa Morogoro, tunauza saruji, nondo, misumari, mabati, rangi, waya wa umeme na vikorokoro vya bomba. Mzee anatumia kaunta buku, kila bidhaa na ukurasa wake: tarehe, imeingia, imetoka, baki. Ukurasa ukijaa anaruka mbele hadi penye nafasi. Bidhaa ni kama 140 na vitabu vimeshafika vitatu.

Nataka nihamie Excel mwisho wa mwezi huu. Nimekwama mahali pawili. Kwanza, je, nichape historia yote ya hivyo vitabu vitatu? Pili, baki ya kuanzia naitoa kwenye kitabu au naenda kuhesabu stoo? Na pembeni yake naweka bei gani?

Mwenye Panga
Dada usijichoshe. Fungua kitabu, kila ukurasa chukua baki ya mwisho, piga kwenye safu moja ya Excel, pembeni weka bei ya kuuzia. Zidisha, jumlisha, ushajua duka lina shilingi ngapi. Kazi ya usiku mmoja.

Karani Mstaafu
Mwenye Panga yupo sahihi kwenye jambo moja, historia ya vitabu vitatu haina haja ya kuchapwa. Mengine sikubaliani naye.

Baki ya kitabuni ni matokeo ya kutoa na kujumlisha kwa mkono miaka yote hiyo. Mfuko uliopasuka, kijana aliyeuza akasahau kuandika, ukurasa ulioruka mbele na baki ikanakiliwa vibaya, yote yamo humo ndani. Ukiinakili unaanza na kosa, na mwezi ujao Excel ikitofautiana na stoo hutajua kosa ni la zamani au la kwako. Kahesabu.

Chagua siku ya kukata, yaani siku kitabu kinapoishia na Excel inapoanzia. Mwisho wa mwezi ni pazuri, duka likishafungwa jioni. Mhesabu watu wawili, mmoja anataja mwingine anaandika, na aliyeshika kalamu asiwe na kitabu mbele yake. Akiona kitabuni pameandikwa 40, akahesabu 38, mkono wake utaandika 40. Rafu iliyokwisha hesabiwa ibandikwe karatasi. Kama haimalizikii jioni moja na kesho yake mnafungua, chochote kinachotoka kwenye rafu iliyobandikwa kiandikwe kwenye karatasi hiyohiyo.

Bei ni ya kununulia, pamoja na usafiri wa kuufikisha mzigo dukani. Ukiweka ya kuuzia utakuwa umeshajihesabia faida ya mali ambayo bado ipo kwenye rafu, halafu ukiiuza faida haionekani tena.

Mwenye Panga
Karani, wengi tunatumia bei ya kuuzia na maduka yapo. Hata hivyo nimekuelewa kuhusu faida.

Dada wa Kihonda
Asante mzee Karani. Nimejaribu leo kwa saruji tu nione. Kitabu kinasema 62. Stoo kuna 71. Nimechanganyikiwa, mbona ipo zaidi?

Karani Mstaafu
Kabla ya kufurahi, uliza kama kuna mteja aliyelipia akaacha mzigo. Kwenye duka la ujenzi ni jambo la kila siku. Fundi analipia mifuko, anachukua kidogokidogo jinsi msingi unavyokwenda.

Dada wa Kihonda
Ipo kweli! Kuna mteja kalipia mifuko 30, kachukua 18. Iliyobaki 12 ni yake. Na mzee alishaandika 30 zote "imetoka" siku ya malipo. Halafu kuna miwili kwenye kona imeganda, imekuwa jiwe.

Karani Mstaafu
Basi twende nayo taratibu, maana hii saruji yako ina karibu kila kitu.

Stoo kuna 71. Ondoa 12 za mteja, si mali yako tena. Inabaki 59. Kitabu kinasema 62, kumbe umepungukiwa 3 wakati ulidhani umezidi 9. Kati ya hizo 59, miwili imeganda, haiuziki kwa bei yoyote ya maana. Kwa hiyo baki yako ya kuanzia ni mifuko 57.

Zile 12 zifungulie shiti ya peke yake, iite MZIGO WA WATEJA: jina, bidhaa, alicholipia, alichochukua. Siku akija kuchukua mitano, unapunguza huko tu. Ukiandika tena "imetoka" kwenye shiti ya bidhaa utakuwa umeuza mfuko uleule mara mbili, na baki itaanza kusoma hasi bila wizi wowote.

Sasa bei. Toa invoisi za saruji, anza na ya mwisho urudi nyuma mpaka ufikishe 57. Unazo?

Dada wa Kihonda
Ya mwisho ni mifuko 40, hadi kufika dukani ilisimama 16,000 kila mmoja. Ya kabla yake mifuko 100 kwa 15,500.

Karani Mstaafu
Tunachukulia kwamba inayotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka, kwa hiyo iliyobaki ni ya karibuni. 40 za invoisi ya mwisho ni 640,000. Zinapungua 17 kufika 57, hizo zinatoka invoisi ya nyuma yake: 17 mara 15,500 ni 263,500. Jumla 903,500. Gawa kwa 57 unapata 15,850 na senti, andika 15,851. Hiyo ndiyo bei ya kuanzia ya saruji.

Usifanye hivi kwa bidhaa zote 140. Fanya kwa zile zinazobeba pesa: saruji, nondo, mabati, rangi, waya. Kwa viunganishi vya bomba na skrubu chukua bei ya invoisi ya mwisho uendelee na maisha.

Mfuasi wa Sheria
Mmesahau VAT. Bei ya kununulia lazima utoe ile 18% kwanza, ndiyo gharama halisi.

Karani Mstaafu
Ni kweli kwa aliyesajiliwa VAT, kwa sababu ile 18% anaidai. Ambaye hajasajiliwa hana pa kuidai, kwake ni gharama kama gharama nyingine, inabaki ndani ya bei. Dada, nyie mmesajiliwa?

Dada wa Kihonda
Hapana.

Karani Mstaafu
Basi bei uliyolipa ndiyo bei.

Mangi wa Kona
Wakuu mimi nina duka la vyakula, na baki ya kuanzia yangu ni madeni tu 😂. Daftari la mikopo lina mama Fulani 14,000, bodaboda 6,500, mwalimu 22,000 tangu mwaka jana. Hii nayo naiweka kwenye safu ya bidhaa? Maana na wao wana "baki".

Auntie Nondo
Mangi, swali lako ni lingine kabisa, ila si baya. Baki ya mtu ni shilingi, baki ya bidhaa ni mifuko na kilo. Usizichanganye. Shiti ya WADAIWA, kila mtu mstari mmoja wa kuanzia na tarehe ya siku ya kukata, kisha mikopo na malipo yanafuata chini. Ila kabla hujaandika mtumie kila mmoja ujumbe: "kwangu unasoma 14,000". Akikataa, bora akatae sasa hivi.

Mangi wa Kona
Mwalimu atakataa. Nawaambia mapema.

Dada wa Kihonda
Nimepata swali jingine. Baki ya kuanzia naiweka kwenye safu yake pembeni ya jina la bidhaa, halafu fomula inajumlisha manunuzi na kutoa mauzo, au?

Karani Mstaafu
Wengi hufanya hivyo na inafanya kazi mpaka siku mtu anagusa ile safu. Mauzo hayalingani, kijana anaona rahisi kurekebisha namba ya mwanzo, na hakuna atakayejua. Mimi naiandika baki ya kuanzia kama tukio, mstari kama mistari mingine, wenye tarehe.

Tengeneza shiti mbili. Ya kwanza BIDHAA: safu A ni KODI ya kutambulisha bidhaa, B JINA, C KIPIMO, D BAKI. Ya pili MIENENDO: A TAREHE, B KODI, C AINA, D INGIA, E TOKA, F BEI, G MAELEZO. AINA ni neno moja kati ya ANZIO, NUNUA, UZA, HARIBIKA. Mstari wako wa kwanza wa saruji unakuwa tarehe ya siku ya kukata, SRJ01, ANZIO, ingia 57, bei 15851, maelezo "71 stoo, 12 za mteja, 2 zimeganda". Yale maelezo usiyaone madogo, mwakani ndiyo yatakayokuokoa mzee akiuliza.

Kwenye BIDHAA, seli D2 weka hivi kisha ivute hadi chini:

```
=SUMIFS(MIENENDO!D:D,MIENENDO!B:B,A2)-SUMIFS(MIENENDO!E:E,MIENENDO!B:B,A2)
```

Safu ya BAKI hakuna anayechapa kitu kwa mkono. Ifunge.

KODI ianze na herufi. Ukiandika 001, Excel itakula sufuri ibaki 1. Na kwenye MIENENDO kodi ichaguliwe kwenye orodha (Data Validation), isichapwe. "SRJ01" yenye nafasi mwishoni kwa macho ni ileile, kwa fomula ni bidhaa nyingine.

Mrundi wa Buja
Ndugu zangu, mimi niko Bujumbura, nimeinakili hiyo fomula kama ilivyo, mashine inakataa. Excel yangu ni ya Kifaransa.

Karani Mstaafu
Ndugu, kwako alama ya kutenganisha ni nukta-mkato badala ya mkato, na jina la fomula pia linabadilika:

```
=SOMME.SI.ENS(MIENENDO!D:D;MIENENDO!B:B;A2)-SOMME.SI.ENS(MIENENDO!E:E;MIENENDO!B:B;A2)
```

Na angalia desimali. Kwako kilo 86 na nusu ni 86,5. Ukiandika 86.5 inaweza kuichukua kama maandishi, au hata tarehe kwa namba nyingine.

Mrundi wa Buja
Imekubali. Murakoze sana.

Dada wa Kihonda
Misumari sasa. Mzee ameandika "katoni 3 na nusu". Tunanunua kwa katoni ya kilo 25, tunauza kwa kilo, hata nusu kilo. Nianze na 3.5?

Auntie Nondo
Mimi nauza misumari kila siku, acha nijibu. Kipimo kiwe kile kidogo unachouzia. Ni kilo. Hiyo "nusu" ya mzee ni ya macho, ipime kwenye mzani.

Dada wa Kihonda
Nimepima iliyofunguliwa: kilo 11.4. Zilizofungwa tatu.

Auntie Nondo
Tatu mara 25 ni 75, ongeza 11.4, unaanza na kilo 86.4. Kitabu cha mzee kingekupa 87.5. Katoni mlinunua 75,000? Basi kilo ni 3,000 na thamani yake ni 259,200. Kuanzia hapo mzigo ukiingia katoni nne, kwenye INGIA unaandika 100, katoni 4 unaiweka kwenye maelezo. Kijana akiandika 4 utashangaa baki imeshuka chini ya sufuri siku ya pili. Ukiona hasi kwenye bidhaa inayouzwa kwa rejareja, kabla ya kumshuku mtu kaangalie kipimo cha manunuzi.

Na ulizia kama kuna mzigo wa mali kauli. Ule uliopewa ukauze, kisichouzwa kinarudi kwa mwenyewe, usiuingize kwenye ANZIO. Ule uliokopa na deni ni lako hata usipouzwa, huo ni mali yako, uhesabu, na deni la msambazaji liandike kwenye shiti yake.

Mwenye Panga
Swali kwa Karani. Zile saruji 3 zilizopotea na 2 zilizoganda mmezifuta kimyakimya. Mimi ningeanza na 62 za kitabu, halafu mstari wa pili "HARIBIKA 2", wa tatu "PUNGUFU 3". Mzee aone hasara yake kwenye Excel.

Karani Mstaafu
Hasara hiyo ni ya kipindi cha kitabu. Ukiiingiza kwenye Excel, mwezi wa kwanza wa dada utaonekana umepoteza mifuko mitano ambayo hakuipoteza yeye. Iandikwe kwenye ukurasa wa saruji wa kitabu: kitabu 62, hesabu 59, pungufu 3, zimeganda 2, tarehe, sahihi za waliohesabu. Kisha mstari wa kufunga chini yake.

Auntie Nondo
Mimi hapo nipo na Mwenye Panga. Kitabu kikishafungwa kinaingia kabatini, na hakuna atakayekifungua. Hasara ikikaa kwenye Excel mtu anaiona kila anapofungua.

Karani Mstaafu
Auntie, basi weka tarehe ya siku ya kukata kwenye mistari yote mitatu ili isiingie kwenye mwezi mpya. Hesabu itafika 57 kwa njia zote mbili. Mimi bado naona kitabu ndipo mahali pake. Na hivyo vitabu msivichome, sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano.

Dada wa Kihonda
Jamani nimerudi. Tumehesabu yote, nimeingiza mistari ya ANZIO. Jumla ya thamani haikubali. Nimeandika hivi, inatoa #VALUE!:

```
=SUMPRODUCT((MIENENDO!C2:C500="ANZIO")*MIENENDO!D2:D500*MIENENDO!F2:F500)
```

Karani Mstaafu
Fomula ni nzima. Mahali fulani kwenye INGIA au BEI kuna maandishi. Mtu ameandika "86.4 kg" au "15,851/=". Tazama safu: namba halisi hujipanga kulia kwenye seli, maandishi hujipanga kushoto, ilimradi hujabadilisha mpangilio mwenyewe.

Na shukuru imelalamika. SUMIFS ya kwenye BAKI hailalamiki, inaruka maandishi kimya, bidhaa inasoma sufuri na wewe unadhani imeisha.

Dada wa Kihonda
Nimekuta tano. Mdogo wangu kaandika "roli 2" kwenye waya. Sasa jumla imetoka.

Karani Mstaafu
Kabla hujafungua duka kwa mfumo mpya, weka safu E kwenye BIDHAA:

```
=COUNTIFS(MIENENDO!B:B,A2,MIENENDO!C:C,"ANZIO")
```

Kila bidhaa isome 1. Ikisoma 0 umeisahau, na hata iliyoisha stoo iandikiwe ANZIO ya 0, ili ujue ilihesabiwa ikakutwa haipo. Ikisoma 2 imeingizwa mara mbili.

Dada wa Kihonda
Zimetoka 2 mbili na 0 saba. Halafu nimegundua kitu ambacho hii fomula haikioni. Kitabuni kuna "Misumari 4", "Msumari inchi nne" na "Misumari mirefu", kurasa tatu, bidhaa moja. Nimeipa kodi tatu.

Auntie Nondo
Hapo hakuna fomula, ni macho. Panga BIDHAA kwa alfabeti ya JINA, kaa na mzee, soma moja baada ya nyingine. Majina yaanze na kitu, kisha ukubwa: MISUMARI INCHI 4, NONDO MM 12, BATI GEJI 30. Yanayofanana yatakaa jirani.

Mangi wa Kona
Na kitabu mnakiacha siku hiyohiyo? Umeme ukikatika kaunta mtauzaje?

Karani Mstaafu
Kaunta iendelee na karatasi. Daftari dogo la mauzo ya siku, jioni yanaingizwa MIENENDO. Kinachokufa ni zile kurasa za kupiga baki kwa mkono. Halafu kila Jumamosi chagueni bidhaa chache, hasa saruji na nondo, mzihesabu na kulinganisha na safu D. Zikikubaliana wiki kadhaa mfululizo, hapo mwamini.

Dada wa Kihonda
Sawa. Nimebakiwa na waya wa umeme. Roli tunauza kwa mita, na zilizoanza kukatwa zipo sita za rangi na ukubwa tofauti. Nizifungue zote kupima kwa futi kamba?

Mwenye Panga
Pima uzito. Roli nzima ya waya uleule ina mita 100, ipime, kisha pima iliyokatwa. Kama nzima ni kilo 2 na iliyobaki ni kilo 1.3, una mita 65.

Auntie Nondo
Hiyo nimeipenda. Ila kama waya umezungushwa kwenye kigurudumu cha plastiki utoe uzito wa kigurudumu pande zote mbili, la sivyo utajipa mita ambazo hazipo.

Dada wa Kihonda
Kuna roli moja haina mwenzake mzima, kampuni hiyo hatununui tena. Hiyo nafanyaje?

Mwenye Panga
Kata mita moja uipime.

Auntie Nondo
Mita moja kwenye mzani wa misumari? Hausomi vizuri chini ya gramu 50. Ifungue tu hiyo moja uipime kwa futi, dada.